Oda bila advansi si oda: namna ya kupima soko la bidhaa yako ya kwanza ya mtandaoni kabla hujaitengeneza

Kitabu changu cha kwanza cha mapishi ya keki kilinichukua miezi mitatu. PDF ya kurasa 64, picha nimepiga mwenyewe mezani karibu na dirisha, kila pishi nimelirudia mara mbili. Nilikuwa na uhakika nacho kwa sababu chini ya kila video yangu hakukosekana mtu wa kuandika "dada toa kitabu, tutanunua". Nikakitoa. Wiki ya kwanza walinunua watu wanne, na mmoja wao ni wifi yangu.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba upande wa pili wa maisha yangu, kwenye biashara ya keki zenyewe, sijawahi kuwasha jiko bila advansi. Mteja akipiga simu akasema anataka keki ya harusi ya ngazi tatu, namsikiliza, tunaelewana, kisha namwambia atume nusu. Akituma, nakwenda kununua mayai. Asipotuma, hata awe ameongea vizuri kiasi gani, siku yake simzuilii. Wapishi wote wa keki wanajua hivyo, na mafundi cherehani wanajua hivyo. Nilipohamia kwenye kuuza maarifa mtandaoni nikaisahau kanuni hiyo, nikapika kwanza ndipo nikaanza kutafuta wa kula.

Bidhaa yangu ya pili niliiuza kabla haijakuwepo. Nitaeleza nilivyofanya hatua kwa hatua, na tarakimu zangu zilivyokuwa. Zako zitakuwa tofauti.

Hatua ya 1: Hesabu maswali uliyokwisha kuulizwa

Usianze kwa kuwauliza wafuasi wanataka nini. Ukiweka kura ya "mngependa kozi ya nini?", watabonyeza, maana kubonyeza hakuna gharama. Anza na yale waliyokuuliza wenyewe bila kuombwa.

Nilichukua daftari nikarudi nyuma siku 90 kwenye inboksi za Instagram na WhatsApp. Kila swali nililiandika kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, bila kulinyoosha. Kazi hiyo ilikula jioni mbili. Nilipata maswali 170 na ushee. Yaliyoongoza yalikuwa ya mapishi: "dada naomba vipimo vya keki ya karoti". Hayo yalifika 61. Yaliyofuata yalikuwa 44, na sikuwahi kuyatilia maanani: "hii keki ya nusu kilo niuze shilingi ngapi?", "nikiweka boksi naongeza bei?", "mbona nauza sana lakini hela siioni?"

Kwa idadi, mapishi yameshinda. Lakini tazama nani anauliza nini. Anayeomba vipimo vya keki ya karoti anataka kuoka Jumapili kwa ajili ya watoto, na asiponipata mimi atapata video nyingine ya bure ndani ya dakika mbili. Anayeuliza auze bei gani tayari anauza. Anapoteza hela kila akipokea oda, na anajua kwamba anapoteza. Wa kwanza ana hamu, wa pili ana jeraha. Kitabu changu cha kurasa 64 nilikuwa nimewaandikia wenye hamu.

Kwa hiyo unapohesabu, weka alama pembeni ya kila swali linaloonyesha kuwa muulizaji tayari anatumia pesa au muda kwenye jambo hilo. Rundo lenye alama nyingi lipe uzito hata kama ni dogo.

Hatua ya 2: Piga simu chache, uliza yaliyopita

Hatua hii wengi tunairuka kwa aibu. Nami niliiogopa.

Nilichagua watu kumi na wawili kati ya wale walioniuliza habari za bei, nikawaandikia: "Habari dada, uliniuliza kuhusu bei ya keki. Nataka nielewe vizuri wenzangu mnapangaje bei zenu. Naomba dakika kumi na tano za simu, siuzi kitu." Tisa walikubali. Bando la kupiga nililipa mimi.

Kuna swali moja ambalo hutakiwi kuliuliza kwenye simu hizo: "nikitengeneza kitu fulani, utanunua?" Mswahili mwenye adabu hawezi kukwambia hapana usoni. Atasema "inshallah", atasema "eeh, wazo zuri sana hilo", na wote wawili mtakata simu mkiwa na furaha ya bure. Uliza mambo yaliyokwisha kutokea, maana hayo hayapambwi kirahisi. Mimi niliuliza manne tu. Oda yako ya mwisho ilikuwa ya nini na uliipangaje bei? Ulibaki na shilingi ngapi mkononi? Umewahi kujaribu njia yoyote ya kupanga bei vizuri, na ilikugharimu nini? Unaandika wapi mahesabu yako? Kisha nikanyamaza. Ukimya mara nyingi ndio ulioleta jibu lenyewe.

Mama mmoja wa Morogoro alinisomea daftari lake kwa simu: unga, sukari, siagi, mayai, basi. Gesi hakuna, boksi hakuna, nauli ya bodaboda hakuna. Mwingine alisema anaangalia jirani yake anauza bei gani, kisha anapunguza elfu mbili. Wa tatu alikuwa ameshalipia darasa la upambaji shilingi 30,000, akafundishwa maua ya krimu yote, na habari ya bei hakuguswa. Huyo wa tatu ni dhahabu. Mtu aliyekwisha kutoa hela kutafuta dawa akaikosa ndiye mnunuzi wako wa kwanza.

Simu hizo ziliokoa bidhaa yenyewe, kwa mambo mawili. La kwanza, nilikuwa na mpango wa kutengeneza jedwali kubwa la Google Sheets lenye kurasa sita. Kati ya wale tisa, mmoja tu ndiye mwenye kompyuta. Waliobaki kila kitu ni simu, na watano hawajawahi kufungua jedwali maishani. La pili, nilipouliza bei ya "keki ya kilo moja" niligundua hatuongelei keki moja. Wengine wanamaanisha keki iliyookwa kwa unga wa kilo moja, wengine wanaweka keki iliyopambwa kwenye mizani ikasoma kilo moja. Keki ya unga wa kilo moja ukiipima imeiva na krimu yake inapita kilo mbili. Ningetoa jedwali bila kujua hilo, nusu ya wanunuzi wangepata majibu ya uongo na lawama zingeniangukia mimi.

Mwisho wa kila simu niliuliza: "Kuna mwenzako mwingine mwenye tatizo hili?" Wanne kati ya tisa walinipa namba za wenzao. Mtu asiyeguswa na tatizo hahangaiki kukutafutia namba.

Hatua ya 3: Andika ofa kabla ya bidhaa

Sasa andika ujumbe mmoja utakaoonyesha nini kinauzwa, kwa nani, lini, bei gani, na itakuwaje wasipopatikana watu wa kutosha. Ukishindwa kuuandika kwa maneno yanayoenea kwenye kioo kimoja cha simu, bidhaa bado hujaielewa. Wangu ulikuwa hivi:

"Wapendwa, kama unauza keki nyumbani na hujui faida yako ni shilingi ngapi kwa kila keki, nitafundisha darasa la siku mbili kwenye grupu la WhatsApp, Jumanne na Alhamisi saa 3 usiku. Utaondoka na jedwali la kwenye simu lililojazwa bei za sokoni kwako. Ada ni 10,000. Darasa bado silianzi: nahitaji watu 15 waliolipa hadi Jumapili saa 2 usiku. Wasipofika, kila aliyelipa narudisha hela yake yote Jumatatu, na makato ya kutuma ni juu yangu. Anayetaka aniandikie neno BEI."

Maneno "hujui faida yako ni shilingi ngapi" sikuyatunga. Yalitoka kwenye daftari la hatua ya kwanza. Na sikuficha kwamba bidhaa haijakuwepo. Kuchukua hela ya mtu ukamwacha aamini kitu kiko tayari ni utapeli, hata kama baadaye utakitengeneza. Nilipowaambia ukweli, kwa wapishi wa keki halikuwa jambo geni, maana nao hupokea advansi ya keki ambayo haijaokwa.

Idadi ya 15 niliipata kwa hesabu ya wazi. Kuandaa na kufundisha kungenichukua kama saa 20. Siku nzima ya kuoka oda hunibakizia wastani wa shilingi 50,000 baada ya gharama, na saa 20 ni kama siku mbili na nusu za kuoka, yaani 125,000. Watu 13 wangefidia, nikaongeza wawili kwa ajili ya bando na usumbufu. Iandike idadi yako kwenye karatasi kabla hujatangaza. Ukisubiri matokeo ndipo upange, watu sita watakuonekea wengi kwa sababu tu umechoka kusubiri.

Bei usiiteremshe kwa woga. Ukiuza 1,000 ili watu wajae, utapima kama watu wana elfu moja ya kuchezea, na hilo ulikuwa unalijua.

Halafu kalenda. Wapishi wa keki wiki ya mwisho ya Ramadhani na siku za kuelekea Krismasi wana hela lakini hawana hata muda wa kushika simu. Januari ada za shule zimewakausha. Mimi nilitangaza tarehe 27, mishahara ya wateja wao ikiwa inaingia. Wewe angalia watu wako wanapumua lini.

Hatua ya 4: Tangaza kwa siku tano, pokea hela, andika kila hatua

Nilianzia kwenye stetasi ya WhatsApp kwa sababu moja: stetasi yako inaonwa na mtu aliyehifadhi namba yako, nawe umehifadhi yake. Aliyekuhifadhi kwenye simu amekukaribia kuliko aliyebonyeza kukufuata Instagram akiwa kwenye daladala. Orodha ya matangazo nayo ina sharti hilohilo, haimfikii asiyekuhifadhi, na mwisho wake ni watu 256. Usishangae ukituma kwa watu mia mbili ukasikia kimya.

Kwa siku tano nilijaza jedwali la safu nne: walioona, walioandika BEI, walioomba namba ya kulipia, waliolipa. Matokeo yangu ya mwisho: 310, 57, 31, 19. Hiyo 310 ni pungufu kidogo, kwa kuwa mtu aliyezima alama za kusomwa haonekani kwako kama ameona.

Ona ngazi zinavyoshuka. Kama ningeishia kwenye neno BEI ningesema nina wateja 57. Zile ahadi za "dada niwekee nafasi, mwisho wa wiki natuma" sikuzihesabu kabisa. Zilikuwa tisa, na aliyetuma kweli alikuwa mmoja.

Kwenye malipo kuwa macho. Usimwingize mtu kwenye orodha kwa skrinishoti ya meseji ya muamala, maana meseji za kughushi ni nyingi na zimeandikwa vizuri kuliko za kweli. Fungua menyu ya M-Pesa au mtandao wowote unaopokelea, angalia salio na taarifa ya miamala, jina likionekana ndipo umjibu. Nilitumia laini ya pembeni ambayo haina hela nyingine, ili fedha za darasa zisichanganyike na za unga. Mpaka Jumapili saa 2 usiku hela ile ilikuwa si yangu. Nilitenga pia makato ya kurudisha, kwani ukituma miamala kumi na tisa midogo midogo unakatwa mara kumi na tisa.

Kisha nikaondoa huruma. Kati ya 19, mmoja alikuwa mdogo wangu na mwingine rafiki wa kanisani ambaye hata keki hauzi. Nikabaki na 17. Kikomo ni 15, imepita.

Kama haikupita

Usikimbilie kusema "watu hawana hela". Ngazi zenyewe zinakuonyesha palipokatika. Wakiona wengi na hakuna anayeandika, basi maneno ya juu hayajamgusa mtu. Rudi kwenye daftari, chukua swali lingine, andika upya. Wakiandika wengi lakini wakiona bei wanayeyuka, hapo kuna mambo mawili yanafanana sana: bei, au umbo la bidhaa. Yatenganishe kwa kuwauliza watano kati yao: "nilidhani utajiunga, nini kilikuzuia?" Mimi niliwauliza waliokwamia hapo, na jibu lililojirudia lilikuwa "saa 3 usiku ndio nalaza watoto". Si bei hata kidogo. Darasa la pili nililihamishia saa 4, pamoja na sauti zilizorekodiwa za kusikiliza baadaye.

Wakiomba namba kisha hawatumi, mara nyingi ni imani. Hawakujui vya kutosha, au jina linalotokea wanapotaka kulipa si lile wanaloliona kwenye ukurasa wako. Laini yangu ilikuwa imesajiliwa kwa jina langu la kitambulisho, na mtandaoni najiita jina la keki. Watatu waliishia hapo wakidhani wamekosea namba. Siku ya pili nikaongeza sentensi moja kwenye ujumbe, "jina litakalotokea ni hili", wote watatu wakalipa.

Na ukibaki na watu wanne, rudisha hela siku uliyosema, saa uliyosema. Ujumbe wa kurudisha hela unasomwa kwa makini kuliko tangazo lolote utakaloandika.

Hatua ya 5: Tengeneza kile kilicholipiwa tu

Nilikuwa na siku nane. Mpango wa zamani wa kurasa sita niliutupa, nikatengeneza ukurasa mmoja wenye safu tano: kiungo, bei ya pakiti, ujazo wa pakiti, kiasi ulichotumia, gharama. Hesabu zote ni hizi mbili:

```
=B2/C2*D2
=SUM(E2:E12)
```

Ya kwanza ni ya kila kiungo. Tuseme pakiti ya unga ya gramu 1,000 umenunua 2,000, na umetumia gramu 500: gharama ni 1,000. Siagi ya gramu 500 kwa 6,000, umetumia 350: ni 4,200. Mayai unaandika trei ya 30 kwa 12,000, umetumia 8: ni 3,200. Ya pili inajumlisha yote. Mtu anabadilisha bei ya sokoni kwake, jibu linabadilika. Kwa ambao jedwali liliwashinda kufungua, nilichora umbo hilohilo kwenye karatasi nikatuma picha, wakanakili daftarini na kutumia kikokotoo cha simu. Walikuwa watano, kama simu zilivyokuwa zimenidokeza.

Jumanne niliwaomba wote wajaze keki yao ya mwisho waliyouza na kuandika kwenye grupu faida iliyobaki. Grupu likakaa kimya kama dakika nne. Wa kwanza kuandika alikuwa yule mama wa Morogoro: keki aliyoiuza 18,000 ilikuwa imemgharimu 19,300, bila kuhesabu mikono yake. Baada yake wakafuatana.

Alhamisi mmoja akauliza mbona sijaweka mstari wa kibao cha chini ya keki, ambacho yeye hununua 1,000 kila mara. Kweli sikuweka. Nikauongeza palepale wakiona, pamoja na mshumaa na mfuko wa kubebea, na jedwali lenye mistari hiyo mitatu ndilo nililouza kwa kundi la pili, wiki tano baadaye, kwa 15,000.